Gurudumu la pikipiki linalotetemeka kwenye mwendo: dhana potofu na ukweli

Kati ya Igawa na Uyole barabara ya lami hunyooka katika uwanda wa Usangu, na hapo ndipo dereva aliyetoka kwenye vumbi na makorongo ya vijijini hupata nafasi ya kufikisha kilomita 70 au 80 kwa saa. Hapo pia ndipo usukani huanza kumtetemekea mikononi. Wengi wakifika gereji hutoa agizo moja tu: “Fundi, nikazie spoki.” Agizo hilo limebeba dhana kadhaa zisizo sahihi, nami nitazieleza kwa kufuata gurudumu moja la mbele nililolihudumia. Lilikuwa la inchi 18, lenye spoki 36, la kijana anayesafirisha mchele kutoka Igurusi.

Dhana: Gurudumu likiyumba, spoki zote zikazwe.

Ukweli ni kwamba ringi hukaa katikati kwa sababu spoki za kushoto na za kulia huvutana. Ringi ikienda kushoto, ama spoki za kulia za sehemu hiyo zimelegea, ama za kushoto zimezidi kukazwa. Ukikaza zote kwa pamoja, unaongeza mkazo bila kuondoa tofauti, na gurudumu litabaki limepinda vilevile.

Kabla ya kushika spana ya spoki, shika tairi juu na chini ulisukume kwa ubavu. Likicheza, beringi zimechakaa, na kipimo chochote utakachochukua kitakudanganya. Beringi za kijana huyu zilikuwa nzima. Nikafunga kipande cha waya kwenye shokapu za mbele, ncha yake ikikaribia ukingo wa ringi, kisha nikalizungusha gurudumu polepole. Kipimo huchukuliwa kwenye ringi na si kwenye tairi, maana tairi lililokaa vibaya huyumba hata ringi ikiwa imenyooka. Vitabu vingi vya matengenezo ya pikipiki huweka kikomo cha milimita 2, kwa kuyumba pembeni na kwa kupanda na kushuka. Binafsi siridhiki mpaka ishuke chini ya milimita 1. Ringi hii ilikwenda kushoto milimita 4 katika sehemu moja, na kupanda kwake kulikuwa ndani ya kikomo.

Kisha nikagonga spoki moja moja kwa bisibisi. Spoki yenye mkazo hulia kwa mlio wa wazi, na iliyolegea hutoa mlio mzito unaokatika upesi. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kulinganisha milio ya spoki zisizofanana: spoki za upande wa breki zinaweza kuwa fupi kuliko za upande wa pili, na urefu hubadilisha mlio hata mkazo ukiwa uleule. Linganisha za upande mmoja tu. Hapa spoki tano za kulia, zote mahali ringi ilipokwenda kushoto, zililia mlio mzito.

Nilitia tone la oili kwenye nati zake, nikatoa upepo, kisha nikakaza ile ya katikati nusu mzunguko na nne za pembeni yake robo mzunguko, nikapima tena, nikarudia. Kama spoki hizo zingekuwa tayari zimekaza, ningezilegeza kwanza za kushoto kwa kiasi hichohicho. Iwapo ringi imepanda, yaani imetoka mbali na habu, hukazwa spoki za pande zote mbili za sehemu hiyo kwa usawa, ili ishuke bila kuhama pembeni.

Mwelekeo wa kuzungusha huwapotosha hata mafundi wazoefu. Ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata mishale ya saa. Lakini fundi huitazama kutoka upande wa habu, hivyo kwa macho yake kukaza ni kwenda kinyume cha mishale hiyo. Baada ya kukaza sana, tairi litolewe na spoki zilizochomoza ndani ya ringi zisagwe kwa tupa, la sivyo zitatoboa tyubu.

Dhana: Spoki hukatika kwa sababu zimekazwa mno.

Hutokea, lakini zinazoletwa kwangu kwa kawaida hukatika kwa kulegea. Spoki haibebi mzigo kama nguzo. Kila moja huvutwa muda wote, na kila inapopita upande wa chini mkazo wake hupungua kidogo. Yenye mkazo wa kutosha hubaki imevutwa hata hapo. Iliyolegea huachiwa na kuvutwa tena katika kila mzunguko, mpaka chuma kinachoka kwenye kiwiko kinachoingia habu. Ikikatika, jirani zake hubeba sehemu yake, nazo hufuata. Kwa hiyo ukikuta moja imekatika, gonga za jirani kabla ya kuweka mpya.

Dhana: Gurudumu lililonyooka haliwezi kutetemeka.

Ringi ya kijana huyu ilikwisha kuwa chini ya milimita 1, lakini alirudi siku ya pili akisema mtetemo umepungua tu, haujaisha. Alisema kweli. Kunyooka ni suala la umbo, na uwiano ni suala la uzito. Ringi iliyopanda hujitambulisha hata katika mwendo mdogo, kwa kudundadunda kila mzunguko. Uzito usiolingana hauhisiwi mpaka mwendo uongezeke, kisha huja kwa kasi, kwa sababu nguvu yake huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili.

Nilitoa gurudumu pamoja na gia ya spidomita, maana msuguano wake huficha uzito, nikaegemeza ekseli juu ya vigingi viwili vilivyo sawa na kuliacha lizunguke lenyewe. Kila mara lilisimama valvu ikiwa chini. Nikazungushia waya wa kulehemu kwenye spoki iliyo mkabala na valvu, nikiongeza kidogo kidogo, hadi gurudumu likakaa popote nilipoliacha, hata valvu ikiwa ubavuni. Waya huo ulikuwa gramu 30. Kwa gurudumu la ukubwa huu, kilomita 80 kwa saa ni karibu mizunguko 12 kwa sekunde, na gramu 30 kwenye ringi huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, mara juu, mara chini. Kwa kilomita 40 ni takriban kilo 1 tu, ndiyo maana mjini hakuhisi kitu.

Chanzo kilikuwa tairi jipya. Matairi mengi huwa na kitone cha rangi kinachoonyesha sehemu nyepesi, nacho hupaswa kukaa penye valvu, iliko sehemu nzito. Hiki kilikuwa upande wa pili kabisa. Nilipoligeuza tairi, gramu 10 zilitosha. Waya huo ufungwe imara karibu na nati, mbali na breki na madigadi.

Dhana: Fundi mzuri hunyoosha ringi yoyote.

Ringi iliyobonyea ukingo kwa kugonga jiwe kwenye barabara za Makete au Rungwe hairudishwi kwa spoki. Dalili yake ni kwamba spoki za hapo zinazidi kulia kwa ukali, ilhali umbali kati ya ringi na waya wa kupimia haubadiliki. Ukifika hapo, acha kukaza. Ringi hiyo ni ya kubadilishwa.