Kigiriki na Kilatini mwaka wa kwanza wa udaktari: mnavyoambiwa na ilivyo kweli

Kila mwaka wanaoanza MD na clinical medicine wanapokea maneno yaleyale kutoka kwa waliotangulia kuhusu hii mizizi ya Kigiriki na Kilatini, na mengi yanapoteza muda wa mtu kabla hata anatomia haijapamba moto. Nitashika figo na mkojo tu, maana ukielewa hapo utaona mambo yanavyokwenda kwingine kote.

Dhana: kariri kwanza list nzima ya mizizi, ndo uanze kusoma

Hili desa la kurasa kumi lenye mizizi kutoka A mpaka Z linazunguka sana, watu wanalikariri wiki mbili afu likija swali wamebaki na nusu yake. Ubongo hauna pa kuishikiza mizizi ambayo hujaikuta kazini. We chukua kipande kimoja kinachozaa, ukibebe wiki mnayosoma mfumo wake.

Mfano -uria, kutoka ouron, mkojo kwa Kigiriki. Weka mbele yake oligos, kidogo, unapata oliguria. Weka an-, bila, unapata anuria. Polys, nyingi, inaleta polyuria. Haima ni damu kwahiyo haematuria, pyon ni usaha kwahiyo pyuria, dys- ni shida au maumivu kwahiyo dysuria, kukojoa kwa kuungua. Vipande saba tu, maneno sita ya wodini, na vile vya mbele vyote utakutana navyo tena kwenye damu, kupumua, kula, kila mahali. Vipande vitano mpaka saba kwa siku vinatosha kabisa, ilimradi vinatoka kwenye lekcha ya siku hiyo.

Namna ya kusoma neno: anza na mwisho, rudi mwanzo, malizia katikati. Polyuria, mwisho unasema mkojo, mwanzo unasema mwingi, basi. Anayeongea Kiswahili hii kazi ameshaizoea, neno kama hawatapikiwa analipasua vipande bila hata kujua anapasua.

Ila kipande kinakupa maana tu, kipimo hakikupi, na hapa wengi wanaishia njiani. Oliguria kwa mtu mzima ni chini ya mililita 400 kwa saa 24. Anuria kwa maana ya mzizi ni bila mkojo kabisa, lakini wodini inatumika hata akitoa kidogo, kwa kawaida chini ya mililita 100 kwa siku. Polyuria ni zaidi ya lita 3. Kwahiyo ukiandika kadi yako ya kujikumbusha weka neno, vipande vyake na namba, na ujipime kutoka pande zote mbili: ukiona neno useme maana, ukiona maana uandike neno kwa mkono. Wengi wanafanya upande wa kwanza tu, afu kwenye mtihani wa kujieleza neno linagoma kutoka.

Dhana: -itis maana yake maambukizi

Hii ndo inayonikera zaidi kwa sababu haiishii kwenye karatasi, inamfuata mtu mpaka kwenye kuandika dawa.

Chukua mtoto wa miaka 7. Wiki mbili zilizopita aliumwa koo, akapona. Sasa mama anasema kila asubuhi uso unavimba hasa kuzunguka macho, mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na anakojoa kidogo. Presha iko juu. Kwenye faili unakuta haematuria, proteinuria, oliguria, oedema, na jina la ugonjwa ni glomerulonephritis iliyofuata streptococcus.

Pasua. Glomerulus ni Kilatini, kidonge kidogo cha uzi uliozungushwa, na ukiangalia kichujio cha figo kwenye darubini ndivyo mishipa yake ilivyojikunja. Nephros ni figo kwa Kigiriki. Strepto- inatoka streptos, kilichosokotwa, na kokkos ni punje, maana hawa bakteria ni viduara vinavyopangana kama mnyororo. Mwisho -itis.

Sasa mwanafunzi aliyekariri kwamba -itis ni maambukizi anasema bakteria wameingia kwenye figo, tupige antibayotiki figo ipone. Sivyo. Bakteria walikuwa kooni. Kilichofika kwenye vichujio ni kingamwili zilizoshikana na vipande vya bakteria, zimekwama pale, zimeamsha mchochota, vichujio vikaanza kuvujisha damu na protini na kushindwa kutoa maji na chumvi. Ndo maana uso unavimba na presha inapanda. Penisilini anaweza kupewa kumaliza bakteria waliobaki kooni wasiambukize wengine, lakini figo yenyewe inasaidiwa kwa kupunguza chumvi na maji, dawa za kukojoza na za presha, wakati mwili unajirekebisha.

Kwa Kigiriki -itis ilikuwa ni "ya" tu: arthritis ilikuwa "ya kiungo", yaani ugonjwa wa kiungo. Baadaye udaktari ukaifunga kwenye mchochota, sehemu kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu, kuuma. Kinacholeta mchochota huo neno halisemi hata kidogo. Pancreatitis mara nyingi inaletwa na pombe au mawe ya nyongo. Gastritis inaweza kuletwa na dawa za maumivu. Dermatitis, sabuni tu inatosha. Kila ukiona -itis jiulize kimeletwa na nini, jibu lipo kwenye historia ya mgonjwa.

Dhana: Kigiriki na Kilatini ni kitu kimoja, shika jina moja kwa kila kiungo

Ukishika moja utakwama. Figo ni ren kwa Kilatini na nephros kwa Kigiriki, na zote mbili ziko kazini. Mpangilio wake ukiujua unapunguza kukariri sana: majina ya sehemu za mwili mara nyingi ni ya Kilatini, majina ya magonjwa mara nyingi ni ya Kigiriki. Mshipa ni arteria renalis, ugonjwa ni nephritis. Arteria pulmonalis, lakini pneumonia. Ngozi ni cutis, ugonjwa wake dermatitis. Sababu ni ya kihistoria, walioandika magonjwa kwanza walikuwa Wagiriki, na waliokuja kupasua maiti na kuzitaja sehemu moja moja karne nyingi baadaye, akina Vesalius na kitabu chake cha 1543, waliandika kwa Kilatini.

Mpangilio huu una mianya. Pericardium na myocardium ni sehemu za mwili na zimebeba Kigiriki. Na neno la presha ya kupanda lina hyper ya Kigiriki imebandikwa kwenye tensio ya Kilatini. Utumie kubahatisha vizuri, usiutumie kumbishia mwalimu.

Faida yake utaiona hapa. Tezi inayokaa juu ya figo, kwa Kilatini ni ad, kwenye, na ren. Kwa Kigiriki ni epi, juu ya, na nephros. Ndo tukapata adrenalini na epinefrini, dawa ileile moja, majina mawili. Ampuli moja imeandikwa hivi, nyingine vile, kutegemea imetoka wapi, na kuna wanafunzi wanafika wodini wakiamini ni dawa mbili tofauti. Aliyepasua neno hawezi kuchanganyikiwa pale mtu ana mzio mkali na inatakiwa apigwe kwenye msuli wa paja sasa hivi. Ila noradrenalini ni kitu kingine, usiichanganye.

Dhana: ukijua mizizi, neno lolote jipya utalijua

Utalikisia, na kukisia kunasaidia, lakini kuna maneno yamebeba makosa ya zamani mgongoni. Arteria watu wa kale waliamini inabeba hewa, kwa sababu kwenye maiti walizikuta zimebaki wazi, damu imehamia kwenye vena. Galen karne ya 2 akaonyesha kwamba zina damu, jina halikubadilika. Koromeo la hewa lenyewe liliitwa arteria ile ya kukwaruza, tracheia, na leo imebaki trachea, kwahiyo ukiipasua unapata "yenye kukwaruza" tu.

Anaemia kwa mzizi ni bila damu. Mtu asiye na damu amekufa. Maana yake halisi ni himoglobini iliyoshuka, kwa mwanaume mzima chini ya gramu 13 kwa desilita, kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12.

Na -oma ndo mtego mkubwa. Wanaambiana -oma ni kansa, wengine wanasema -oma ni uvimbe usio na madhara. Lipoma kweli ni uvimbe wa mafuta usio na shida. Melanoma ni kansa mbaya, lymphoma ni kansa. Haematoma wala sio uvimbe wa seli, ni damu iliyokusanyika baada ya kuumia. Glaucoma ni ugonjwa wa jicho, hakuna uvimbe wowote. Kwahiyo -oma unakariri moja moja, hakuna njia ya mkato.

Dhana: herufi moja haina neno, ataelewa tu

Ileum ni mwisho wa utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga, na midomoni zinasikika sawasawa. Inter- ni kati ya vitu, intra- ni ndani ya kitu.

Mbaya kuliko zote ni hypo na hyper, hasa mwalimu akiongea haraka. Kuna wanaojikumbusha kwa kusema hypo ni "haipo", na kwa haraka inasaidia kujua kwamba kitu kimepungua, lakini hypo ni chini, sio kutokuwepo. Kutokuwepo ni an-, ndo ile ya anuria.

Sasa weka kalium, potasiamu, ndo maana alama yake ni K. Hypokalaemia ni chini ya 3.5 mmol/L, hyperkalaemia ni juu ya 5.5 kwa maabara nyingi. Mmoja anahitaji kuongezewa potasiamu, mwingine ukimuongezea moyo unaweza kusimama, na mtoto wetu wa figo akiendelea na oliguria anaelekea huko kwenye hyper kwa sababu potasiamu haina pa kutokea. Kwahiyo kwenye faili, na hata kwenye kumpigia simu aliye zamu, taja neno na namba yake pamoja: "hyperkalaemia, potasiamu 6.4". Aliyesikia vibaya herufi mbili namba itamstua.