Kumshika mtoto wa paka mapema hakumharibu

Wapo wanaosema: “Watoto wa paka wasiguswe mpaka waache kunyonya, la sivyo mama yao atawakataa.”

Paka aliyezoea watu hawakatai wanawe kwa kushikwa. Akisumbuliwa sana huwahamisha tu. Hatari iko kwenye kungoja: paka huzoea watu kwa urahisi kati ya wiki ya pili na ya saba, na wengi huacha kunyonya kipindi hicho kikiwa kinakwisha.

Chukua mfano wa paka aliyezalia stoo ya nyumba moja Ujiji, nyuma ya magunia ya mkaa. Macho yakishafunguka, mpe mama chakula kando, kisha mpakate kila mtoto dakika tano hivi, mara kadhaa kwa siku, na umrudishe kabla hajapoa. Usiwe peke yako: mtoto aliyeshikwa na mama mwenye nyumba tu atamkimbia baba na wageni. Waite bibi, wanaume, na watoto wakiwa wamekaa chini. Kuanzia wiki ya nne, mlambishe dagaa waliochemshwa bila chumvi, waliosagwa kidoleni mwako.

Akilaza masikio na kufoka, usimkimbize wala usimbane; tulia na mkono wako karibu na chakula, aje mwenyewe. Akilegea mwili na kukoroma kwa raha, endelea.

Wapo wanaobaki waoga hata hivyo, maana woga hurithiwa pia, hata kwa baba asiyewahi kuonekana. Na usiwatenganishe na mama kabla ya wiki ya nane. Kuzoea watu hakuhitaji kumwachisha mtoto ziwa.