Kabati litapita mlangoni? Picha moja tu inatosha, ila uisome vizuri

Mie ni seremala, karakana yangu iko Jang'ombe, na suala ninaloulizwa kuliko bei ni "fundi, litapita?" Juzi kanipigia mteja yuko Chake, anataka kabati liende kwenye fleti yake hapa Unguja, fleti imefungwa na ufunguo anao yeye huko huko Pemba. Alichonacho ni picha ya mlango wa chumba kwenye simu na risiti ya fundi aliyeupachika, imeandikwa kimo sentimita 205.

Kwanza nkamuuliza hiyo 205 inaanzia wapi, kwa sababu mtu akisema kimo cha mlango anaweza kuwa anasema ubao, anaweza kuwa anasema fremu nzima, na mie nnachotaka ni uwazi, yani kutoka sakafuni mpaka chini ya mbao ya juu ya fremu. Akampigia aliyeupachika, kumbe ni fremu nzima na mbao ya juu ni sentimita 5, basi uwazi ni 200. Ningeichukua ile 205 hivyo hivyo kila hesabu inayofuata ingekuwa imeongezwa bila ya mtu kujua.

Picha nkaifungua kwenye kompyuta kwa Paint, ukipeleka mshale pembeni mwa uwazi namba zinatokea chini, unatoa moja kwa nyengine unapata pikseli. Kimo pikseli 1140. Upana wa juu 456, upana wa chini 408. Sasa hapo wengi ndo wanapoangukia, wanapima juu tu maana chini kuna viatu na zulia:

```
456 / 1140 x 200 = 80
408 / 1140 x 200 = 71.6
```

Mlango mmoja, na fremu haijapinda, inakuwaje juu 80 na chini 71? Mpigaji aliinamisha simu, kama watu wote wanavyofanya, kwa hiyo juu ya mlango kumekuwa karibu na kamera na chini kumekuwa mbali, na kilicho karibu kinaonekana kikubwa. Utaijua picha kama hii kwa macho tu, miimo miwili ya fremu inaelekea kukutana chini kama umbo la ndoo. Ukichukua upana wa juu unajidanganya vibaya, maana unaamini una nafasi ambayo haipo. Mie nachukua wastani wa hizo mbili, 432, inatoka 75.8, na kwa mwinamo mdogo kama huu ukweli unakuwa hapo karibu, nkaandika 75 na kosa la 2 juu au chini. Juu na chini zikipishana zaidi ya moja ya tano sihangaiki, naomba picha nyengine, simu imesimama wima usawa wa katikati ya mlango.

Picha iliyopigwa kwa ubavu ina makosa yake pia lakini hiyo inapunguza upana, ukisimama pembeni nyuzi 20 ile 75 inaonekana kama 70, utakataa kabati ambalo lingepita, hasara ndogo. Na wasap kuibana picha hakuna tatizo, kimo na upana vinapungua pamoja. Tatizo ni yule anayeniletea picha ya kabati la zamani limesimama mita moja mbele ya mlango anasema "si unaona limeenea", kile kimo kinapima vitu vilivyo kwenye mlango wenyewe tu, cha mbele yake kinavimba.

Sasa kabati lenyewe. Kimo 210, upana 110, kina 62, na kanisi ya juu inatokeza mbele 6, jumla 68. Ubao wa mlango ule ukifunguka unakutana na ukuta, unabaki ndani ya uwazi na unene wake wa 4, kwa hiyo 75 inakuwa 71, toa lile kosa la 2 unabaki na 69. Sentimita moja kwa kabati la 68, na wachukuzi wana vidole jamani. Nkaamua kanisi nisiigundishe, inakwenda peke yake na skurubu zake inafungwa ndani, na kabati linapita kwa ubavu, 62 ndani ya 69.

Halafu kulisimamisha. Mteja kasema dari ni jipsam, mita 2.40. Ukilisimamisha kutoka ubavuni pembe yake inafika 237, inabaki 3 tu na taa iko pale katikati. Lakini ukililaza chali kwanza kisha ukaliinua, linahitaji 219. Hilo nkawaandikia wachukuzi kwa chaki mgongoni mwa kabati: CHALI KWANZA.