Puto likijazwa upepo: mbona linafura haraka halafu linapoa?

Ushawahi kujaza maputo ya bethdei kwa pampu? Mwanzoni puto linafura fasta, ukija kwenye saizi ya kichwa cha mtu unaona kama limegoma, na pampu ni ileile, mwendo uleule. Pampu haijachoka bana.

Tuseme puto ni duara kama mpira, na pampu inaingiza hewa 200 cm³ kila sekunde bila kubadilika. Hiyo 200 ndo kasi ya ujazo, dV/dt. Kasi ya rediasi (nusu ya kipenyo) ni dr/dt, yaani uso wa puto unasogea nje sentimita ngapi kwa sekunde.

Sasa fikiria hewa ya sekunde moja kama kopo la rangi, unaipaka puto zima. Puto dogo, rangi inakuwa nene, puto kubwa rangi ileile inatandazwa mpaka inakuwa nyembamba, na huo unene ndo kiasi rediasi ilichoongezeka. Kwa hiyo ujazo ulioingia ni eneo la uso mara unene. Hesabu inasema hivyohivyo, ukidiferenshieti V = (4/3)πr³ kwa muda unapata:

dV/dt = 4πr² · dr/dt

na 4πr² si ndo eneo lenyewe la uso!

Rediasi ikiwa 5 cm, eneo ni kama 314 cm², gawa 200 kwa 314 unapata 0.64 cm kwa sekunde. Ikifika 10 cm eneo ni 1257, kasi inashuka hadi 0.16, robo tu. Ndo maana kutoka sifuri hadi 5 cm inachukua sekunde 2.6 hivi, ila kutoka 5 hadi 10 ni sekunde 18 nzima, mara saba.

Na eneo la uso je, yaani ule mpira unavyotanuka? A = 4πr² inakupa dA/dt = 8πr · dr/dt, ukiweka dr/dt ya juu mambo yanakatana inabaki:

dA/dt = (2/r) · dV/dt

Kwenye 5 cm ni 80 cm² kwa sekunde, kwenye 10 cm ni 40. Eneo nalo linapunguza mwendo ila kwa nusu, sio robo, maana rediasi inapoa lakini kila sentimita yake inaongeza eneo kubwa zaidi.

Wengi tunapochemka (mimi nilichemka kwenye testi) ni kuweka r = 10 kabla ya kudiferenshieti. Ukishaiweka, V inakuwa namba iliyosimama, 4189, na namba iliyosimama haina kasi, unapata sifuri huku pampu inapuliza. Diferenshieti kwanza, namba baadae. Na swali likikupa kipenyo 20 cm, gawa kwa mbili kwanza, la sivyo kasi ya rediasi itatoka robo ya jibu.