Lebo kwenye chupa: Arc peke yake haitoshi

Dhana potofu: unapoweka lebo kwenye picha ya chupa kwa Photoshop, ukishaipinda juu na chini, imezunguka chupa.

Ukweli: hapo ndo watu wengi wanakwama, maana ile Arc ya Photoshop inakunja mistari tu, herufi ya pembeni inabaki na upana uleule wa herufi ya katikati, na jicho linashtuka hata kama mtu hawezi kukwambia kasoro iko wapi. Kwenye chupa halisi maandishi yanabanana kadiri yanavyoelekea ukingoni. Chukua chupa ya kipenyo cha mm 70 na lebo ya mm 110, yaani imefunika nusu ya mzunguko. Ukiitazama kwa mbele, kamera ikiwa mbali, mm 110 zote zinaingia kwenye upana wa mm 70, ila hazibanwi sawasawa: theluthi ya katikati, kama mm 37, inaonekana mm 35, karibu haijaguswa, wakati mm 18 za mwisho kila upande zinabaki chini ya mm 5. Robo tu! Ndo maana jina la bidhaa halikai pembeni.

Kuibana lebo hivyo si kazi ngumu. Geuza lebo iwe Smart Object, nenda Edit > Transform > Warp, kwenye Grid chagua 3x3. Kingo za lebo zikishakaa kwenye kingo za chupa, sogeza ule mstari wa wima wa kushoto mpaka robo ya upana na wa kulia mpaka robo tatu, halafu lainisha vishikio ili herufi zisivunjike pale mistari inapopita. Hiyo robo ni ya lebo ya nusu mzunguko, lebo nyembamba zaidi haibanwi sana hivyo.

Dhana potofu: mkunjo wa juu na wa chini ni mmoja.

Ukweli: inategemea kamera ilikuwa kimo gani. Kilicho sawa na kimo cha lenzi kinaonekana kimenyooka, kilicho chini yake kinabonyea kama tabasamu, kilicho juu yake kinageuka upinde. Kwa hiyo kama kamera iko juu kidogo ya chupa, ukingo wa chini wa lebo unapinda kuliko wa juu, na kitako cha chupa kinapinda kuliko vyote. Lebo yako ikipinda kuzidi kitako chenyewe, ujue umezidisha.

Dhana potofu: weka Multiply, lebo itazama yenyewe kwenye chupa.

Ukweli: kwa chupa nyeupe sawa, ila kwenye chupa ya kahawia karatasi nyeupe nayo inakuwa kahawia, kitu ambacho karatasi haifanyi kwa sababu inaziba kioo. Acha lebo kwenye Normal, juu yake weka leya ya kivuli kwenye Multiply na ya mng'ao kwenye Screen, zote zimefungwa kwenye lebo kwa Clipping Mask, na mng'ao ufuate ule ule mstari wa mwanga unaoonekana shingoni mwa chupa.