Kwa nini mteja anayekusifia kila siku haandiki barua?

"Nina mteja wa miaka mingi, kila tukionana ananisifia. Nimemwomba barua ya ushuhuda niwaonyeshe wateja wapya, anasema 'nitakuandikia'. Mwezi wa tatu huu. Kwa nini, na nimwombeje?"

Mara nyingi si roho mbaya. Kusifia kwa mdomo hakumgharimu kitu, ila karatasi yenye nembo na muhuri wa ofisi humfanya ajione anakuwekea dhamana: ukiharibu kwingine, lawama zitamrudia yeye. Tena hajui aanzie wapi.

Tuseme wewe ni fundi, unashonea sekondari moja sare tangu 2019. Ukimwambia mkuu wa shule "naomba barua nzuri", utasubiri sana, au utapewa ile ya "Kwa yeyote anayehusika, ni mwaminifu na mchapakazi", ambayo hata mlinzi wa geti angepewa. Muombe wiki ileile mzigo wa Januari umepokelewa bila kasoro: "Mwalimu, kuna shule mbili zimeniulizia. Naomba barua fupi, useme yale tu uliyoyaona mwenyewe." Hapo humtaki akudhamini, unamtaka asimulie yaliyopita, na hofu inapungua.

Kisha mwachie karatasi ya kumbukumbu uliyoitoa kwenye hati zako za makabidhiano: mwaka mlioanza, idadi ya sare kila mwaka, tarehe ulizofikisha. Atalinganisha na faili lake. Bei usiziweke, la sivyo mteja mpya atadai bei ileile hata kama oda yake ni ndogo.

Mkumbushe na siku uliyokosea, aiandike kwenye barua. Kwa mfano: "Mwaka 2022 masweta 18 yalikuja na mikono mifupi. Fundi aliyachukua, akayarudisha siku ya nne bila kudai nyongeza." Wengi huficha jambo kama hili, nami naona ndilo lenye nguvu kuliko sifa zote, kwa sababu mnunuzi anajua kuna siku kitu kitaharibika na anataka kujua utafanya nini.

Wapo wanaoiandika barua nzima wenyewe, mteja agonge muhuri tu. Ni haraka, lakini barua tatu za namna hiyo zinafanana hadi nukta, na mnunuzi akimpigia aliyesaini anakuta mtu hakumbuki alichosaini. Kumlipa au kumpunguzia bei kwa ajili ya barua ni kubaya zaidi: likijulikana, ushuhuda umekufa.

Asaini mtu anayepokea mzigo wako, cheo na tarehe vionekane. Barua ya miaka mitatu nyuma humfanya msomaji ajiulize kama bado mnafanya kazi pamoja, hivyo omba mpya kila baada ya mwaka au miwili. Na kabla hujatoa namba yake ya simu kwa mtu yeyote, mpigie kwanza: "Mwalimu, kesho kuna bwana atakupigia kuhusu zile sare."