Macho chini ya meseji hayasemi umesoma

"Kwenye chati ya kazini watu wanaweka macho 👀, halafu baadaye mtu anaweka tiki ✅. Kwani mtu akiandika tu 'nimeona' kuna ubaya gani?"

Ubaya ni kwamba "nimeona" haisemi nani anafanya. Kwa timu iliyokubaliana maana zake, macho ni mtu kusema "hii nimeichukua mimi, wengine endeleeni na yenu", na tiki ni mtu huyo huyo kusema imekwisha. Kusoma hakuhusiki kabisa. Mimi mwenyewe niliyatumia macho vibaya kwa karibu mwaka mzima, na kwa kujiamini.

Tulikuwa sita katika ofisi moja mjini Nairobi, kazi yetu kusikiliza malalamiko ya wateja na kurudisha pesa pale ilipobidi. Jumatatu moja, saa 3:12 asubuhi, meseji ikaingia kwenye chati: mteja amekatwa shilingi 2,350 mara mbili, tafadhali arudishiwe. Nikaweka macho, maana nilikuwa nimeisoma na sikutaka nionekane nimelala. Ikifika saa 3:30 chini ya ile meseji palikuwa na macho matano. Bosi akapita, akaona macho matano, akaridhika. Saa 8 mchana mteja akapiga simu, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyerudishiwa pesa. Kila mmoja wetu alidhani mwingine ndiye anayeshughulika, na ushahidi alikuwa nao pale pale kwenye skrini: si macho haya hapa?

Kosa hili lina mizizi, na sidhani ni ujinga wetu peke yetu. Tangu Novemba 2014 WhatsApp imekuwa ikitufundisha kwamba alama ndogo pembeni ya meseji inahusu kusoma. Tiki moja ya kijivu, imetoka kwako. Mbili za kijivu, imefika kwenye simu ya mwenzako. Mbili za buluu, amesoma. Na kwenye kundi hazigeuki buluu mpaka wote wawe wamesoma. Watu wamegombana na wapenzi wao kwa sababu ya tiki za buluu. Mtu aliyelelewa na mfumo huo akiletwa kazini akaoneshwa tiki na macho, zote mbili atazisoma hivyo hivyo: nimeona, nimeona. Ongeza kwamba macho hayo hayo, nje ya kazi, ni ya udaku. Ukiyaweka chini ya picha ya mtu aliyevishwa pete, unasema "haya, tuambieni vizuri". Mfanyakazi mmoja mgeni kwetu aliwahi kuuliza kwa unyenyekevu kwa nini meseji yake kuhusu risiti inachunguliwa.

Wanaotumia redio za mawasiliano walishaligawa jambo hili zamani. Kwao "roja" ni nimepokea ulichosema, basi. Haina ahadi ndani yake. Anayekusudia kutekeleza husema "wilko", neno lililofupishwa kutoka maneno yanayomaanisha nitatekeleza. Wakufunzi huwaambia wanafunzi wasiyaunganishe, kwa sababu wilko tayari ina roja tumboni. Macho ya chati ya kazi ni wilko. Mimi nilikuwa natoa roja.

Na usidhani dole gumba 👍 lingetuokoa. Mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 86 za kitani akimwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa 👍. Kitani hakikuletwa, kesi ikafika mahakamani, na mkulima akajitetea kwamba alimaanisha tu ameupata mkataba. Mwaka 2023 jaji akasema lile dole ni sawa na saini, akamtoza fidia ya takriban dola 82,000 za Kanada, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Uamuzi huo ulitegemea mazoea ya biashara ya wawili hao, kwa hiyo haimaanishi kwamba kila dole ni saini. Ila unaona shida: alama moja, maana mbili, na kila upande unaapa kwamba yake ndiyo iliyo wazi.

Sasa, kwa nini macho ya mtu mmoja yanafanya kazi na ya watano yanaiua? Fikiria ufunguo wa choo.

Majengo ya zamani katikati ya Nairobi yana utaratibu huu: ofisi nne au tano za ghorofa moja zinatumia choo kimoja, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari, umefungiwa kipande cha mbao kikubwa ili mtu asiusahau mfukoni. Msumari ukiwa mtupu, unajua kuna mtu. Hakuna aliyekutangazia, hakuna aliyepiga kelele koridoni. Msumari wenyewe umekuambia, na umekuambia kabla hujafika mlangoni. Nguvu yote ya mpango huo iko kwenye jambo moja: ufunguo ni mmoja. Siku mwenye jengo akichonga funguo tano akampa kila mtu wake, msumari hausemi kitu tena, na utaanza kusukuma mlango wenye mtu ndani.

Macho yetu matano yalikuwa funguo tano. Ndiyo maana kitu cha kutazama ni tarakimu iliyo kando ya macho. Kwenye 👍 au ❤️ tarakimu ikipanda ni furaha. Kwenye macho, tarakimu yenye afya ni 1. Ukiona 2, ama kazi inafanywa mara mbili (na kwa marejesho ya pesa hilo ni mteja kulipwa mara mbili, halafu uanze kumbembeleza arudishe), ama haifanywi na mtu yeyote. Tulikubaliana hivi: ukiweka macho ukakuta yamekuwa 2, wewe uliyefika wa pili unayaondoa yako hapo hapo. Hakuna kuombana radhi.

Ufunguo una ugonjwa wake mwingine unaojulikana. Mtu anauchukua, anatoka chooni, anakutana na rafiki, anashuka naye kula chakula cha mchana, na kile kipande cha mbao kiko kwenye mkoba. Msumari ni mtupu na choo ni kitupu. Macho nayo huzeeka hivyo. Mtu ameichukua kazi, kaitwa kwenye mkutano, kaisahau, na wengine wote wanapita kando kwa adabu. Hapa emoji inazidiwa hata na msumari, kwa sababu haina saa: chini ya meseji, si kwenye Slack, ile programu ya chati za kazini, wala kwenye WhatsApp, hutaona macho yaliwekwa lini. Kwa hiyo tunahesabu kutoka saa ya meseji yenyewe. Ikipita saa moja na hakuna tiki, mwenye macho anaandika neno kwenye uzi, yaani majibu yaliyo chini ya meseji hiyo, hata kama ni "nangoja benki". Asipoandika, yeyote anaruhusiwa kumwambia na kuichukua. Saa moja ni ya kazi yetu. Timu inayosahihisha vitabu ingechekwa nayo.

Tiki nayo ilituletea ubishi ambao sikuutarajia. Tayari ni lini? Mwenzetu mmoja aliweka ✅ akishaipeleka hesabu kwa idara ya fedha, maana kwake imetoka mikononi. Mteja alikuwa bado hajaona kitu. Tukakubaliana tiki haiwekwi mpaka namba ya muamala ya M-Pesa, zile herufi na tarakimu kumi, iwe imebandikwa kwenye uzi. Anayeiweka ni yule yule mwenye macho. Si bosi, si mpita njia aliyefurahi.

Je, kuna uthibitisho kwamba mpango huu unaleta tofauti? Kuhusu wingi wa watu kuua uwajibikaji, ndiyo. Jaribio maarufu la wanasaikolojia Darley na Latané la 1968 liliwafanya watu wasikie, kupitia vipokea sauti vya masikioni, mtu akishikwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Lakini ile ilikuwa dharura ya dakika chache kati ya watu wasiojuana, na malalamiko ya shilingi 2,350 kati ya wafanyakazi wenza ni kitu kingine. Kuvuta mstari kutoka kifafa mpaka emoji ni kwa hiari yako. Mimi nauvuta, ila kwa penseli.

Chombo unachotumia pia kinabadilisha mambo. WhatsApp, iliyoleta hizi alama za kuitikia meseji mwaka 2022, inampa kila mtu nafasi moja kwa meseji moja: ukiweka ✅, macho yako yanafutika yenyewe. Ni safi, ila huwezi kupekua kundi zima ukauliza ni zipi zenye macho bila tiki. Slack, iliyozileta mwaka 2015, inakuachia zote mbili, na ndiyo inayokupa faida kubwa jioni. Ukiandika hivi kwenye sehemu ya kutafuta, zinakuja meseji zilizochukuliwa na hazijamalizwa:

```
in:#malipo has::eyes: -has::white_check_mark:
```

Kwenye WhatsApp na Slack, alama hizi hazimshtui mtu mwingine isipokuwa aliyeandika meseji. Ndiyo sababu hazichoshi kama "sawa" kumi na nne mfululizo, na ndiyo sababu hazifai pale jambo linapohitaji mtu fulani ajue sasa hivi. Hapo mtaje jina.

Umeona hapo juu kwamba tiki ya kijani inaitwa nyeupe? Si kosa la chapa. Unicode, inayoratibu herufi za kompyuta duniani, iliiingiza mwaka 2010 ikiwa mchoro mtupu wa mstari wa nje, na katika majina yao "nyeupe" ni kitu kisichojazwa wino. Simu zikaipaka kijani, jina likabaki. Kuna dada yake mkubwa, ✔️, ambaye Slack humwita `:heavy_check_mark:`, na kwa kompyuta hao ni watu wawili tofauti kabisa. Tuliligundua hilo pale orodha ya jioni ilipoendelea kutuletea kazi za mwenzetu mmoja aliyekuwa amezimaliza zote, siku tatu mfululizo. Alikuwa anatiki na ile nyingine kwa sababu, alisema, ile ya kijani inafanana na tangazo la duka la dawa.